Pia ya Amani: hadithi ya kufungulia somo la kushirikiana

*"Nafundisha watoto wa miaka 8. Nataka hadithi fupi ya mtoto mwenye aibu anayempa mwenzake kitu chake cha kuchezea, ili nifungulie nayo somo la kushirikiana. Nimeandika moja, lakini mtoto wangu anaonekana mchoyo tu, na kabla sijamaliza kusoma darasa zima limeshasema 'tumejifunza kushirikiana'. Nakosea wapi?"*

Mwalimu mwenzangu, makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kinachomzuia mtoto wako umekiweka mahali ambapo si pake. Mtoto mchoyo anacho kitu na hataki kukitoa. Mtoto mwenye aibu anacho, pengine anatamani sana kukitoa, ila kati yake na mwenzake pana hatua chache za kutembea na neno moja la kusema, na hivyo ndivyo vinavyomshinda. Ukiwatazama kwa nje wanafanana, kila mmoja amesimama pembeni ameshika chake. Msikilizaji wa miaka 8 huanza na cha nje. Usipompeleka mpaka kwenye koo lililokauka na mkono uliong'ang'ania mfukoni, atasema huyu ni mchoyo, na hadithi ya mchoyo ameshaisikia mara nyingi hata anajua mwisho wake tangu sentensi ya pili. Ndiyo maana darasa linakujibu kabla hujamaliza.

Kuna jambo jingine linalohusu umri huu. Mwaka 2013 Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa miaka 3 hadi 8 waliopewa stika na kuambiwa wanaweza kumgawia mtoto mwingine. Wa umri wote, hata wa miaka 3, walisema kugawa sawa kwa sawa ndiko kunakopasa. Ilipofika wakati wa kutoa, wadogo walijibakishia nyingi, na ni wale wa miaka 7 na 8 waliotenda kama walivyosema. Kwa hiyo wanafunzi wako hawana haja ya hadithi ya kuwaambia kwamba kumpa mwenzako ni vizuri. Hilo wanalijua. Wanachohitaji kuona ni namna mtu anavyovuka kutoka kutaka kutoa mpaka kutoa, hasa pale kuvuka kunapokuwa kugumu, na mtoto mwenye aibu anafaa kwa hilo kuliko mchoyo.

Kabla sijakuandikia hadithi, naomba tulitazame neno lenyewe. "Kushirikiana" ni pana mno kwa somo la kwanza. Gololi kumi wawili wanaweza kugawana, tano kwa tano, kila mmoja akaenda na zake. Penseli huazimwa, na mwenyewe anatarajia kurudishiwa. Bembea hupokezanwa, huyu akishuka yule anapanda. Ni matendo matatu tofauti na kila moja lina hofu yake: anayegawana anaogopa kupata kidogo, anayeazima kitu chake anaogopa kisirudi au kirudi kimeharibika, anayepokezana anaogopa zamu yake isifike. Hadithi moja ibebe tendo moja. Mimi nimechagua kuazima, kwa sababu kichezeo ambacho mtoto anakipenda hakigawanyiki, na hofu ya kukiona mikononi mwa mwingine ndiyo inayomgusa mtoto wa umri huu.

Kichezeo nacho kina sharti lake. Mara nyingi waandishi huchagua mpira, au kitu kinachohitaji wawili ili kinoge. Hapo mtoto anatoa na papo hapo anafaidi, basi hakutoa kitu, amejipatia mwenzake wa kucheza. Nimechukua pia, ile ya mti inayozungushwa kwa kamba. Haichezwi na wawili kwa wakati mmoja. Ikiwa mkononi mwa Musa, yule mwenzake, haiko mkononi mwa Amani, mtoto wetu mwenye aibu, na Musa akiitupa vibaya itagonga ukuta. Isitoshe, ina ufundi wa vidole unaoweza kufundishwa bila maneno mengi, na hilo linampa mtoto mwenye aibu njia ya kuzungumza. Kama darasani kuna wasioijua, lete moja waishike kwanza. Na kwa kuwa "pia" lina maana nyingine, ndani ya hadithi usilitumie kwa maana ya "vilevile", utawayumbisha.

Jina nimelichagua kwa sababu. Amani huitwa wavulana na huitwa wasichana, na lugha yetu haitulazimishi kusema ni yupi. Angalia utakaposoma: hakuna kaka, hakuna dada, hakuna mvulana wala msichana kwa Amani. Kila mtoto atamvika sura anayoitaka. Kama darasani mwako yupo Amani, badilisha jina, na usiweke Karimu wala Zawadi, maana jina la namna hiyo linatangaza mwisho kabla ya mwanzo.

Hii hapa. Ukiisoma polepole inachukua kama dakika nne.

Pia ya Amani

Amani alikuwa na pia ya mti. Juu ilikuwa na mstari mwekundu, chini ilikuwa na msumari uliolika kwa kuzunguka. Kila siku wakati wa mapumziko Amani alikwenda nyuma ya darasa, penye sakafu laini, akaizungusha peke yake.

Alikuwa na maneno mengi kichwani. Lakini kila alipotaka kuyasema koo lilikauka, na maneno yakarudi yalikotoka.

Siku moja Musa alikuja nyuma ya darasa kutafuta mpira. Mpira haukuwapo. Pia ilikuwapo. Ilikuwa inazunguka kwa kasi, mstari mwekundu umekuwa duara.

Musa akachuchumaa. Hakusema kitu. Akatazama mpaka pia ikayumba, ikalala ubavu.

Amani akaiokota haraka, akaitia mfukoni. Mkono ukabaki humo humo.

"Kesho utaizungusha tena?" Musa akauliza.

Amani akaitikia kwa kichwa. Musa akaenda zake.

Usiku ule Amani alijifunika shuka, akajizoeza neno moja. "Chukua." Akalirudia. "Chukua." Chini ya shuka lilikuwa neno jepesi kabisa.

Kesho yake Musa alikuja, akachuchumaa palepale. Amani akazungusha pia mara moja. Akazungusha mara ya pili. Mara ya tatu akaifunga kamba, akafungua mdomo.

Neno halikutoka.

Musa akasubiri kidogo, kisha akainuka, akajipangusa magoti.

Amani akaitazama pia. Musa akiitupa vibaya, itagonga ukuta. Akiipenda sana, atawaita wengine, na nyuma ya darasa patajaa watu.

Amani akanyoosha mkono. Pia ilikuwa juu ya kiganja, na kamba yake tayari.

Musa akaichukua, akaitupa. Ikaanguka ubavu, ikabiringika mpaka ukutani. Tok!

Amani akaifuata. Penye mstari mwekundu palikuwa na mkwaruzo. Akaupapasa kwa kidole.

"Nimeiharibu?" Musa akauliza kwa sauti ndogo.

Amani hakujibu. Akakaa chini karibu naye, akaanza kufunga kamba taratibu, kuanzia chini penye msumari, mzunguko kwa mzunguko, Musa akiona. Kisha akaifungua yote, akampa.

Musa akafunga. Kamba ikalegea. Amani akaweka kidole chake juu ya kidole cha Musa, akakikandamiza mpaka kamba ikakaza.

"Vuta," Amani akasema.

Halikuwa lile neno la chini ya shuka. Lilikuja lenyewe.

Musa akatupa, akavuta. Pia ikashika mzunguko. Ilipokuwa inazunguka mkwaruzo haukuonekana. Ilipotulia, ulikuwapo.

Sasa nikueleze kwa nini imekaa hivyo, maana utaibadilisha ili ifae darasa lako, na ni vizuri ujue ni sehemu gani ukiigusa inavunjika.

Neno "aibu" halimo hata mara moja. Kwetu aibu ni ile ya kunyamaza mbele za watu, na ni fedheha vilevile. Mtoto anayeambiwa kila siku "acha aibu" husikia kwamba ana jambo baya. "Haya" ni afadhali, lakini nalo ni sifa ya kubandikwa juu ya mtu. Nimependa watoto waone koo linakauka, neno linaloteleza chini ya shuka na kugoma mchana. Aliyepitia hayo atajitambua bila kutajwa, na asiyepitia ataelewa kwa mara ya kwanza kwamba mwenzake anayekaa pembeni hana kiburi.

Mtazame Musa pia. Haombi. Angeomba, Amani angekuwa amebanwa, na tendo lake lingekuwa la kuepuka ugomvi. Musa anachuchumaa, anatazama kitu badala ya kumtazama mtu, kisha anauliza swali linaloweza kujibiwa kwa kichwa. Ndivyo mtoto mwenye aibu anavyosogelewa. Kama utaongeza sentensi yoyote kwenye hadithi, usimwongezee Musa maneno.

Ndani ya hadithi hakuna mtu mzima, na hakuna anayepiga makofi. Hili nilijifunza kwa kukosea. Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na mwalimu anayepita, anaona, anatabasamu, na mwishoni mtoto anapewa kichezeo kipya kwa wema wake. Nilipouliza kwa nini alitoa, mtoto mmoja wa mstari wa mbele alijibu bila kusita: "Kwa sababu mwalimu alikuwa anamwona." Alikuwa sahihi kabisa kwa hadithi niliyomsomea. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha jambo la jirani na hili mwaka 2008 kwa watoto wa miezi 20: waliopewa kichezeo kila waliposaidia, baadaye walisaidia mara chache kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Zawadi ilikuwa imechukua nafasi ya hamu yao wenyewe. Kwa hiyo Amani hapati kitu mwishoni. Anabaki na pia ile ile, tena ina mkwaruzo.

Mkwaruzo huo utatamani kuuondoa. Usiuondoe. Watoto wa miaka 8 wamewahi kuazima vitu vikarudi vimepinda, vimechanika, au havikurudi. Hadithi ambayo kila kitu kinarudi salama wanaisikiliza kwa adabu tu, kwa sababu wanajua sivyo inavyokuwa. Mkwaruzo mdogo unawaambia kwamba unayewasomea unajua wanachokijua.

Ukifika kwenye "patajaa watu", simama. Hapo ndipo somo lako linapofunguka, na kila aliyewahi kufundisha hadithi anajua jinsi ilivyo vigumu kuacha kusoma mahali patamu. Gawa karatasi, mpe kila mtoto dakika tatu achore mkono wa Amani: unafanya nini sasa? Chini yake aandike sentensi moja. Usiulize kwa mikono juu. Ukifanya hivyo watajibu wale wale wanne wanaojibu kila siku, na mtoto ambaye hadithi hii inamhusu atamezwa nao. Kwa karatasi, anaweza kusema bila kusema. Baadaye waonyeshane wawili wawili, na anayetaka kuigeuza karatasi yake aigeuze. Kisha soma sehemu iliyobaki moja kwa moja bila kukatiza.

Baada ya kusoma, swali lako la kwanza lisiwe "tumejifunza nini?" Hilo ndilo linaloita jibu la kukariri. Rudi nyuma, uliza: mkono wa Amani ulikuwa unafanya nini mfukoni siku ya kwanza? Utapata "unaficha", na mwingine atasema "unalinda". Yaandike yote mawili ubaoni, kisha waulize kama ni kitu kimoja. Tulia hapo hata dakika kumi. Tofauti ya kuficha na kulinda ndiyo tofauti ya mchoyo na Amani, na watoto wataifikia wenyewe ukiwapa muda, mara nyingi kwa kutaja vitu vyao nyumbani.

Swali la pili ni gumu zaidi: Musa alipoinuka, Amani angeacha tu aende, lingekuwa kosa? Jiandae kupata mabishano, na usiyamalize. Mimi naamini jibu ni hapana, kwa kuwa pia ile ni mali ya Amani, na kutoa kusikoweza kukataliwa si kutoa. Lakini darasa likikusikia ukisema hivyo mapema, mjadala unakufa. Ukisema kinyume chake, umewafundisha kwamba mwenye kitu hana neno, na kesho yake utakuta mtoto mkubwa anampora mdogo penseli huku akisema "mwalimu kasema tushirikiane".

La mwisho ni la mkwaruzo: kesho Amani ataileta pia? Hapa ndipo unaweza kuleta yale maneno matatu, kugawana, kuazima, kupokezana, na kuwauliza ni lipi lilitokea nyuma ya darasa. Wengi watasema kugawana. Waulize Musa aliondoka na kipande gani.

Utajuaje kama imekwenda kombo? Darasa likimcheka Amani kwenye "neno halikutoka", mara nyingi ni sauti yako: umeisoma kwa kuigiza kigugumizi au kwa sauti ya kitoto. Isome kama unavyosoma sentensi nyingine yoyote, kisha nyamaza mpaka uhesabu moja hadi tatu. Vichwa vikigeuka kumtazama mtoto mmoja, wamempata Amani wa darasani. Usimtetee na usimtaje, endelea kusoma ukiwa umesogea upande mwingine wa chumba, macho yatakufuata wewe. Na tafadhali, mtoto huyo akitoa kitu chake siku hiyo, usimsifu mbele ya wenzake. Umepata taabu yote ya kuwaondoa watu wazima kwenye hadithi, usije ukajirudisha mwenyewe. Ukitaka ajue umeona, mwambie baadaye, mkiwa wawili, kwa sentensi moja.

Wapo walimu wanaomalizia kwa kuwaambia watoto walete vichezeo vyao kesho wapeane. Mimi siifanyi hiyo. Asiyekuwa na cha kuleta anabaki mikono mitupu mbele ya wote, na aliyeleta hawezi kukataa. Tumia vitu vya darasa, mkasi mmoja kwa wawili, kalamu za rangi boksi moja kwa wanne, usiseme nani aanze, na utazame wanavyopangana.

Ile pia uliyoleta waishike mwanzoni, iache meza ya nyuma pamoja na kamba yake, usitangaze ni zamu ya nani. Siku ya kwanza itashikwa na wenye makelele. Angalia siku ya tatu au ya nne, wakati wa mapumziko, nani amechuchumaa pale na nani amesimama karibu yake.